Umefuta mazungumzo, lakini mishahara ya mteja bado iko njiani

*"Nafanya kazi ofisi ndogo ya uhasibu Dar es Salaam. Namba za NIDA kwenye orodha ya mishahara ya mteja zilikuwa zinageuka 1.98E+19 na hazilingani na faili la NSSF. Nikapandisha faili zima ChatGPT: wafanyakazi 34, majina, NIDA, akaunti za benki, mishahara na safu ya maoni ya mwajiri. Siku hiyohiyo nikabandika ujumbe wa hitilafu wa mfumo wa benki, neno la siri la ofisi likiwemo. Akaunti ni ya bure, tunaitumia wanne. Nimeshafuta. Mwenzangu mmoja anasema yameisha, mwingine anasema mtu yeyote akiuliza jina la mteja ataambiwa mishahara. Nani yuko sahihi, na nimwambie bosi?"*

Wote wawili wamekosea. Lakini kabla ya maelezo, kabadili neno la siri la mfumo wa benki, kisha urudi tuendelee.

Ukilibadili, angalia pia kama ofisi inalitumia kwingine, kwa mfano kwenye barua pepe au mfumo wa kodi, kwa sababu maneno ya siri ya ofisi ndogo huwa ni lilelile lenye mwaka mwishoni. Iombe benki kumbukumbu za walioingia kwenye mfumo tangu siku ile uliyobandika. Halafu jiulize lilikuwa la nani. Mifumo ya benki ya kulipa mishahara kwa kawaida huhitaji watu wawili, mmoja anaandaa malipo na mwingine anaidhinisha. Kama wewe ni mwandaaji na ulikuwa na neno la siri la mwidhinishaji, basi ule ulinzi wa watu wawili ulikuwa umeshakufa kabla chatboti haijaingia kwenye hadithi. Hilo mlimalize ofisini.

Sasa tuje kwa huyo mwenzako anayesema mtu yeyote akiuliza ataambiwa. Chatboti haijifunzi papo hapo unapoiandikia. Modeli iliyo nyuma yake, yaani programu inayotunga majibu, ilishafundishwa kwa maandishi mengi miezi mingi kabla. Maandishi yako yanatoka kwenye kivinjari, yanafika kwenye seva za kampuni zilizo nje ya nchi, yanasomwa na modeli ili itoe jibu lako, kisha yanahifadhiwa kwenye historia ya akaunti. Mtu wa Mwanza akiuliza kesho kuhusu mteja wako, modeli haiendi kufungua historia yako kutafuta.

Hofu ya mwenzako ina chembe ya ukweli, ila ukweli wenyewe umekaa mahali pengine. Akaunti binafsi za ChatGPT, zikiwemo za bure, huwa zimewekwa tangu mwanzo ziruhusu mazungumzo yatumike kuboresha modeli zijazo. Na watafiti walishaonyesha mwaka 2020, wakiichokoa GPT-2, modeli iliyotangulia ChatGPT, kwamba modeli inaweza kutoa neno kwa neno jina, simu na barua pepe ya mtu vilivyokuwamo kwenye maandishi iliyofundishwa. Kinachonata hasa ni kile kilichojirudia mara nyingi. Orodha yako iliyoingia mara moja ina nafasi ndogo ya kutokea hivyo. Ndogo, ila huwezi kuipima wala kuirudisha nyuma.

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni akaunti yenyewe. Mko wanne, na nina hakika neno la siri limehifadhiwa kwenye kivinjari cha kila mmoja, labda na kwenye simu pia. Kila aliyeingia anaona historia nzima upande wa kushoto, tena kila mazungumzo yana kichwa kilichotungwa kutokana na yaliyomo. Mfanyakazi akiacha kazi kesho, anaondoka nayo mfukoni. Juni 2023 kampuni ya usalama wa mtandao ya Group-IB ilitangaza kwamba imekuta taarifa za kuingilia za akaunti zaidi ya 100,000 za ChatGPT kwenye data iliyoibwa na kuuzwa mtandaoni. Hazikuvuja kutoka kwenye kampuni ya chatboti. Zilichotwa kwenye kompyuta za watumiaji wenyewe na programu za wizi, zile zinazokomba maneno ya siri yote yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Na programu hizo hupenda kuingia kwa njia tunayoijua vizuri: Excel au Windows iliyowekwa kwa "krak" ya bure. Kama kompyuta ya ofisi yenu ilifungwa hivyo, neno jipya la benki libadili kutokea kwenye kifaa kingine, na hiyo kompyuta isafishwe kwanza.

Mwenzako wa pili, anayesema yameisha kwa kuwa umefuta, ana nusu tu. Ukifuta mazungumzo kwenye ChatGPT yanatoweka kwenye historia mara moja, hilo ni jambo zuri na ulifanya vyema. Kwenye seva, kampuni inaeleza kwamba hufutwa ndani ya siku 30, isipokuwa kuna sababu ya kiusalama au ya kisheria ya kuyabakiza. Sababu ya kisheria si maneno ya kujazia mkataba. Mei 2025, kwenye kesi ya hakimiliki iliyofunguliwa na gazeti la New York Times, mahakama huko Marekani iliiamuru OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ihifadhi mazungumzo ya watumiaji, hata yale waliyokwisha kuyafuta. Amri hiyo ilikaa hadi Septemba mwaka huohuo. Aliyefuta orodha ya mishahara mwezi Juni aliona imetoweka kwenye skrini yake, kumbe bado ipo. Halafu kuna `Memory`, sehemu ambako chatboti huandika mambo ya kukumbuka kukuhusu. Kufuta mazungumzo hakufuti kilichoandikwa humo. Fungua `Settings`, kisha `Personalization`, uangalie kama kuna jina la mteja, ulifute mwenyewe.

Hapo utasema, basi nizime ile swichi ya mafunzo. Izime, ipo `Settings`, `Data controls`, imeandikwa `Improve the model for everyone`. Ila jua inachofanya: inazuia mazungumzo mapya yasitumike kufundishia, haigusi kuhifadhiwa, na haivuti nyuma kilichokwisha kutumika. Na kuna mtego mdogo ambao wengi hawaujui. Ukibonyeza kidole gumba juu au chini kulisifu au kulilaumu jibu, mazungumzo hayo yote yanaweza kuchukuliwa kama maoni uliyowapa kwa hiari, hata kama swichi imezimwa.

Tulitazame faili lenyewe, maana mle ndani hakuna kitu kimoja. Neno la siri lilikuwa la hatari zaidi kwa saa chache, na sasa ukishalibadili limegeuka takataka. Namba ya akaunti ya benki ni ya kati: inamsaidia tapeli kuonekana anajua mambo, lakini peke yake haitoi pesa, na mtu akitaka sana anaweza kufungua nyingine.

NIDA ni habari nyingine. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Kwa hiyo hata ukifuta jina na safu ya umri, namba yenyewe inasema. Haibadilishwi kama neno la siri, mtu anakaa nayo maisha yake yote, na ndiyo inayofungua milango ya laini za simu, mikopo na akaunti. Tapeli aliye na jina, NIDA, mwajiri na mshahara wa mtu hahitaji kuvunja chochote. Anampigia tu: "Nakupigia kutoka ofisi ya mishahara, malipo yako ya mwezi huu ya shilingi kadhaa yamekwama, nitajie namba iliyoingia sasa hivi kwenye simu yako." Ukitajiwa mshahara wako hadi shilingi ya mwisho, ni nani atakayeshuku?

Kisha kuna safu ya maoni. Hiyo hukuijali, na wengi hawaijali, kwa sababu haina tarakimu. Hujaniambia mlikuwa na nini, lakini mimi kwenye faili za namna hiyo nimekuta "mkataba hautahuishwa", "amekopa kwa mkurugenzi", "yuko likizo ya ugonjwa", hata jina la ugonjwa wenyewe. Hiyo ndiyo siri ya mteja hasa. Mtu akijua kabla ya wakati kwamba watu watano watapunguzwa, mteja wako ana mgogoro kazini hata kama hakuna senti iliyoibwa. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia zana hizi baada ya baadhi yao kupandisha msimbo wa programu za ndani za kampuni. Hakuna aliyelazimika kuuiba kwanza. Kilichowasumbua ni kwamba kitu chao kilikuwa kimeshakaa kwenye seva ya mtu mwingine, na kukirudisha ni kazi ngumu.

Linaloniuma kwenye kisa chako ni kwamba hakuna hata namba moja ya kweli iliyohitajika. Tatizo lako halikuwa na uhusiano wowote na wafanyakazi wale. Excel hutunza tarakimu 15 tu za maana kwenye namba. Ukiandika NIDA mfululizo bila vistari, inaichukulia kuwa namba, inaionyesha kwa mtindo wa E+19, na tarakimu tano za mwisho inazigeuza sifuri. Fungua faili jipya, andika namba hii ya kubuni kwenye seli, uone:

```
Ulichoandika:    12345678901234567890
Kinachoonekana:  1.23457E+19
Kilichotunzwa:   12345678901234500000
```

Faili la NSSF lilikuwa na tarakimu zote, lako lilikuwa na sifuri tano mwishoni, ndiyo maana hazikulingana. Ungeweza kuiuliza chatboti hivi: "Nina namba za tarakimu 20 kwenye Excel, zinageuka 1.23457E+19 na nikilinganisha na faili jingine kwa VLOOKUP hazipatikani. Mfano ni 12345678901234567890. Nifanyeje?" Jibu lingekuwa lilelile, pengine bora zaidi, maana swali limenyooka.

Na jibu lenyewe ni hili. Safu ifanye kuwa ya maandishi, `Text`, kabla hujaandika namba, au andika NIDA na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho. Kistari kinailazimisha Excel iione kuwa maandishi. Kubadili safu kuwa `Text` baada ya namba kuingia hakurudishi kitu, zile tarakimu tano zimeshapotea. Lazima urudi kwenye nakala za vitambulisho au faili la awali la mteja. Kwa hiyo pitia faili ulilopewa na chatboti, kama lilikupa namba "zilizorekebishwa". Tarakimu hizo haikuwa nazo. Ama imeacha sifuri, ama imebuni, na namba ya kubuni inafanana kabisa na ya kweli. Kagua zote 34 kwa vitambulisho kabla hujapeleka NSSF. Hili nalihesabu kuwa la haraka kuliko hata ile `Memory`.

Kanuni ninayoitumia ni kuandaa mistari mitatu au minne ya kubuni yenye umbo la faili halisi: vichwa vya safu vilevile, aina za namba zilezile, makosa yaleyale, watu wasiokuwepo. Chatboti ikinipa fomula, nairudisha kwenye faili halisi lililo kwenye kompyuta yangu. Usijaribu njia ya mkato ya kufuta majina kwenye faili halisi ukapandisha kilichobaki. Mstari wenye cheo cha "Meneja wa Fedha" hauhitaji jina, kampuni ina mmoja tu. Na faili la Excel likipandishwa linakwenda na kila kilichomo: safu ulizozificha, shiti ulizozificha, maoni yaliyonata kwenye seli. Kuficha kwenye Excel kunamzuia mtu kuona, si faili kubeba. Picha ya skrini nayo inabeba jina la faili juu, na mara nyingine ujumbe wa WhatsApp uliojitokeza pembeni.

Ujumbe wa hitilafu una tabia hiyohiyo. Watu hunakili skrini nzima kwa haraka, na ndani yake kuna jina la mtumiaji, neno la siri au ule mfululizo mrefu wa herufi unaoufungulia mfumo mmoja mlango wa mfumo mwingine. Nakili sentensi ya hitilafu peke yake. Namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu na namba ya siri ya pesa za simu hazina sababu yoyote ya kufika huko, kwa sababu hakuna swali ambalo jibu lake linazihitaji.

Je, muache kabisa? Sidhani, na hata bosi akipiga marufuku watu watatumia kwenye simu zao, ambako hamtaona chochote. Akaunti ya kulipia ya kibiashara ni hatua ya kweli: kila mtu anaingia kwa jina lake, anayeondoka anatolewa, na mazungumzo hayatumiki kufundishia isipokuwa mkikubali. Hata hivyo haiwapi ruhusa ya mteja, na data bado inatoka nje ya nchi. Mazungumzo ya muda, `Temporary chat`, hayakai kwenye historia wala hayafundishi, lakini yanaweza kuhifadhiwa hadi siku 30. Zipo pia modeli ndogo zinazokaa ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Kwa fomula za kawaida zinatosha, ingawa kompyuta yenye memori ya GB 8 itazibeba kwa kuhema, na majibu yake ni dhaifu zaidi. Kwa ofisi ya watu wanne, mimi ningenunua akaunti ya kibiashara na bado nikashikilia mistari ya kubuni.

Kuhusu bosi: ndiyo, mwambie, na iwe leo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, mteja wenu ndiye mkusanyaji wa taarifa za wafanyakazi wake na ofisi yenu ni mchakataji kwa niaba yake. Sheria hiyo ina masharti ya kulinda taarifa na ya kuzisafirisha nje ya nchi. Uamuzi wa kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wa kuwajulisha wafanyakazi, si wako wewe. Ni wa bosi na mteja, na hawawezi kuamua juu ya jambo wasilolijua. Msomaji aliye Kenya ajue saa zinahesabika: mchakataji anatakiwa kumjulisha mkusanyaji ndani ya saa 48, na mkusanyaji anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya madhara.

Usiende na maneno ya "samahani bosi kuna kitu kidogo". Nenda na karatasi moja: siku na saa, jina la faili, safu zilizokuwamo, watu wangapi, ulichokwisha kufanya tangu hapo. Kama mlishafuta kila kitu hata hukumbuki, faili la awali bado unalo, orodhesha safu kutoka humo. Maelezo ya namna hiyo humpa bosi kitu cha kumwonyesha mteja, badala ya kukurushia hasira tu.

Hapo ndipo inapofika zamu ya mtu wa ana kwa ana. Kama kumbukumbu za benki zinaonyesha mtu aliyeingia saa msizofanya kazi, au kuna malipo mmoja wenu hayatambui, nendeni tawini mkiwa na barua, mzuie mfumo, kisha polisi. Kama safu ya maoni ilikuwa na habari za afya au za kupunguza wafanyakazi, mteja anahitaji wakili kabla hajaandika tangazo lolote. Na kama kompyuta ina programu za krak, mtafuteni fundi mnayemwamini aifunge upya, si kuipitisha tu kwenye antivirasi.

Wafanyakazi wakishajulishwa, wapeni kitu cha kufanya. Kila mmoja apige `*106#` aangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake, na akikuta asiyoitambua aende kwa mtandao husika aikane. Warudie baada ya miezi michache, na waambiwe waziwazi kwamba ofisi yenu haitawapigia simu kuuliza namba yoyote.